Barua ya kustaafu: tarehe tatu, walipaji wawili na karatasi zinazochelewesha pensheni

Mtu akipokea barua ya kustaafu, swali linalozunguka ofisini huwa moja: "Sasa hela inaingia lini?" Majibu yanagongana. Mmoja anasema siku ya mwisho ya kazi unaondoka na malipo yako yote. Mwingine anasema jiandae kusubiri mwaka mzima. Wa tatu anaapa kwamba barua ikishatoka, mfuko wa pensheni unaanza kulipa wenyewe bila kuombwa. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila wote wanaichukulia barua hiyo kana kwamba inazungumzia tarehe moja na mlipaji mmoja. Vurugu nyingi za wastaafu huanzia hapo.

Tuanze na maana. Barua ya kustaafu ni taarifa ya mwajiri kwa mfanyakazi kwamba ajira yake itakoma siku fulani kwa sababu ya umri. Mafao ni jina la jumla la kila anachostahili kulipwa anapoondoka. Pensheni ni malipo ya kila mwezi yanayotoka kwenye mfuko aliokuwa akiuchangia, kwa kawaida hadi mwisho wa maisha yake. Mkupuo ni fedha anayopewa kwa mara moja na mfuko huohuo mwanzoni. Kiinua mgongo ni kitu kingine: ni malipo ya shukrani kwa utumishi, na pale yanapokuwepo huwa yametajwa kwenye mkataba, kwenye sheria au kwenye makubaliano ya chama cha wafanyakazi. Katika mazungumzo ya kawaida watu huita mkupuo "kiinua mgongo", na mtu akishachanganya hivyo viwili atamdai mwajiri fedha iliyo kwenye mfuko, au ataudai mfuko fedha ya mwajiri.

Mifuko nayo haifanani. Ipo inayokokotoa pensheni kwa kanuni: miaka uliyochangia, mara kiwango fulani, mara mshahara wako. Ipo pia ambayo ni akiba tu: michango yako na ya mwajiri inawekwa, inazalishwa, na mwishoni unapewa kilichomo au unakibadilisha kiwe malipo ya kila mwezi. Hapa nitafuata mfuko wa kanuni, kwa sababu ndiko barua inakosomwa vibaya zaidi.

Mfano tutakaoufuata

Chukua mfanyakazi aliyezaliwa 14 Machi 1966. Aliajiriwa 1 Septemba 1996, na kwenye mfuko wake umri wa kustaafu ni miaka 60. Mshahara wake wa msingi ni 1,000 kwa mwezi na posho zake ni 400. Weka sarafu yoyote unayoitumia, hesabu haibadiliki. Anafanya kazi siku tano kwa wiki na ana siku 21 za likizo ambazo hajazitumia. Ana mkopo wa ofisi uliobaki 500.

Barua yake, ikiandikwa vizuri, kiini chake kitasomeka hivi:

"Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa utatimiza umri wa miaka 60 tarehe 14 Machi 2026, ambayo itakuwa siku yako ya mwisho ya ajira. Siku 21 za likizo zilizosalia utazitumia kabla ya tarehe hiyo. Mshahara wako utalipwa hadi 14 Machi 2026 baada ya makato ya kisheria na madeni yanayotambulika. Madai ya pensheni utayawasilisha kwenye mfuko kwa fomu zilizoambatanishwa. Tafadhali rudisha nakala ya barua hii ikiwa na saini yako, pamoja na nyaraka zilizoorodheshwa."

Ni sentensi tano tu, na karibu kila moja ina mahali pa kujikwaa.

Sentensi ya kwanza inaanza na "kumbukumbu zetu", na maneno hayo yana uzito. Mwajiri hakuulizi ulizaliwa lini. Anasoma tarehe uliyoiandika ulipoajiriwa. Waajiri na mifuko mingi huifunga tarehe hiyo ya kwanza, na cheti kipya kinacholetwa miezi michache kabla ya kustaafu kikionyesha umri mdogo zaidi hakipokelewi. Lakini kama kosa ni la mwajiri, yaani fomu yako ya kwanza ilisema 1966 na mfumo wa mishahara ukaingiza 1965, hilo hurekebishwa, na fomu hiyo ya kwanza ndiyo ushahidi wako. Ndiyo maana jambo la kufanya siku ile unapopokea barua ni kulinganisha tarehe ya kuzaliwa iliyomo na ile iliyo kwenye fomu ya ajira na kwenye kumbukumbu za mfuko. Tarehe hizo zinatakiwa zilingane sehemu zote tatu.

Siku ya mwisho yenyewe pia hutegemea kanuni. Kuna waajiri wanaokatisha ajira siku ya kutimiza umri, kama huyu wa mfano wetu. Wengine husubiri mwisho wa mwezi. Umoja wa Mataifa, kwa mfano, huwastaafisha watumishi wake siku ya mwisho ya mwezi wanaotimiza umri huo. Tofauti inaweza kuwa wiki mbili au tatu za mshahara, kwa hiyo si jambo la kukisia.

Tarehe tatu ndani ya barua moja

Sasa angalia sentensi ya likizo. Siku 21 za kazi, ukihesabu kurudi nyuma kutoka Ijumaa 13 Machi 2026, zinaanzia Ijumaa 13 Februari. Maana yake, kama hakuna sikukuu katikati, mfanyakazi huyu anakaa kwenye meza yake mara ya mwisho Alhamisi 12 Februari. Hapo wenzake watamuaga, atakabidhi funguo, na mtaani atasema amestaafu. Kisheria bado ni mwajiriwa kwa mwezi mzima mwingine: anaendelea kulipwa, michango yake inaendelea kukatwa, na kama bima ya afya inalipwa na mwajiri, bado anayo.

Hiyo ni tarehe ya kwanza, siku ya mwisho ofisini. Ya pili ni siku ya mwisho ya ajira, 14 Machi. Ya tatu ni siku pensheni inapoanza kuhesabiwa, ambayo hapa ni 15 Machi. Mtu akienda kwenye mfuko mwezi Februari akasema "mimi nimeshastaafu", ataambiwa bado, na ataondoka akiamini anazungushwa. Kumbe yeye anatumia tarehe ya kwanza, na mfuko unatumia ya pili.

Kuna siku nyingine inayosubiriwa zaidi, nayo barua haiwezi kuitaja kwa sababu haiko mikononi mwa mwajiri: siku fedha inapoingia benki. Kuistahili pensheni kuanzia 15 Machi si sawa na kulipwa 15 Machi. Tutaona mbele kwa nini hizo mbili huachana kwa wiki kadhaa hata pale ambapo hakuna mtu aliyezembea.

Kinachotoka kwa mwajiri

Wengi hutegemea malipo makubwa kutoka kwa mwajiri na hushtuka. Tukokotoe. Machi ina siku 31, na mfanyakazi wetu anastahili siku 14: mshahara na posho, 1,400, mara 14, gawanya kwa 31, unapata 632.26. Likizo ameshaitumia, kwa hiyo hailipwi tena. Likizo ya mwisho ama unaipumzika ama unalipwa. Kuidai kwa njia zote mbili hakuna. Mkopo wa 500 unakatwa. Kinabaki 132.26 kabla ya kodi na mchango wa mwezi huo. Kama hakuna kiinua mgongo kilichotajwa mahali popote, hiyo ndiyo hela ya mwajiri, na haihusiani hata kidogo na pensheni.

Kama angekuwa hajaruhusiwa kwenda likizo kwa sababu ya kazi, hapo ingelipwa, na hapo inabidi kuuliza swali moja: thamani ya siku moja imepatikanaje? Mwajiri akigawanya mshahara wa 1,000 kwa siku 30, siku 21 zinakuwa 700. Akigawanya kwa 22, ambazo ndizo siku za kazi katika mwezi wa wastani kwa mtu wa siku tano kwa wiki, zinakuwa 954.55. Kanuni ya haki ni kwamba kigawanyo kifuate namna likizo inavyohesabiwa. Likizo yako ikihesabiwa kwa siku za kazi tu, bila Jumamosi na Jumapili, basi nayo igawanywe kwa siku za kazi. Likizo ikihesabu kila siku ya kalenda, 30 ni sawa. Kinachomuumiza mstaafu ni mchanganyiko: likizo inahesabiwa kwa siku za kazi, halafu malipo yanagawanywa kwa 30.

Kuhusu mkopo, sehemu nyingi mwajiri anaruhusiwa kukata deni kwenye malipo ya mwisho pale tu ambapo uliridhia kwa maandishi au sheria inaruhusu. Omba jedwali la deni kabla ya siku ya mwisho. Riba ya mkopo unaomalizwa mapema mara nyingi hupungua, na jedwali la zamani halitaonyesha punguzo hilo.

Pensheni inavyokokotolewa, na kwa nini inaonekana ndogo

Mfuko wa mfano wetu unatumia asilimia 2 ya mshahara kwa kila mwaka wa kuchangia. Kuanzia Septemba 1996 hadi Februari 2026 ni miezi 354, sawa na miaka 29 na nusu; tuachie pembeni zile siku za Machi. Mara asilimia 2, unapata asilimia 59. Mshahara unaochangiwa ni 1,000, kwa hiyo pensheni kamili ni 590 kwa mwezi.

Hapa mshtuko wa kwanza unatokea. Mtu aliyezoea kusaini 1,400 anaona 590 na kusema ameibiwa. Hajaibiwa. Posho zake za 400 hazikuwa zikichangiwa, kwa hiyo hazimo kwenye hesabu. Mifuko mingi huchukua mshahara wa msingi peke yake, na mingine haichukui hata mshahara wa mwezi wa mwisho bali wastani wa miaka mitatu au mitano ya mwisho. Pensheni haikubuniwa kurudisha mshahara wote. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unaweka kiwango cha chini cha malipo ya uzeeni kuwa asilimia 40 ya mshahara unaorejewa, kwa aliyechangia miaka 30 na mwenye mke aliyefikia umri wa pensheni. Ukiweka kiwango hicho kando ya 59 ya mfano wetu, unaona kwamba pengo kati ya mshahara na pensheni lilikuwemo kwenye mpango tangu mwanzo.

Mshtuko wa pili unaletwa na mkupuo. Tuseme mfuko unamruhusu kuchukua robo ya pensheni yake kwa pamoja, ikihesabiwa kwa miaka 12. Robo ya 590 ni 147.50 kwa mwezi. Mara miezi 12 ni 1,770 kwa mwaka, mara miaka 12 ni 21,240. Huo ndio mkupuo. Pensheni ya kila mwezi inayobaki ni 442.50.

Imani iliyoenea ni kwamba mkupuo ni nyongeza ya juu, kama zawadi. Fikiria mwenye nyumba ya vyumba vinne anayepangisha vyote. Mpangaji mmoja akamlipa kodi ya miaka 12 kwa mara moja. Mwenye nyumba ana fedha nyingi leo, lakini kila mwezi atakusanya kodi ya vyumba vitatu. Mkupuo ndivyo ulivyo: ni pensheni yako mwenyewe uliyoichukua mapema. Tofauti ni kwamba miaka 12 ikiisha, mifuko mingi hairudishi kile chumba cha nne. Ipo inayorudisha, watumishi wa serikali kuu ya India hurudishiwa sehemu hiyo baada ya miaka 15. Kwa hiyo kwenye fomu, kabla ya kuweka alama kwenye kisanduku cha mkupuo, tafuta majibu ya maswali mawili: je, kuchukua ni lazima au hiari, na je, sehemu iliyochukuliwa hurudi? Swali la tatu, kwa mwenye mwenza, ni kama pensheni itaendelea kumlipa mwenza baada ya kifo chako, na kama kuchagua hivyo kunapunguza malipo yako ya sasa. Malipo ya kwanza yakishatoka, uchaguzi huo kwa kawaida haubadilishwi.

Miezi iliyopotea

Sasa tufike mahali ninapotaka kukaa, kwa sababu hapa ndipo fedha ya maisha yote inapopotea kimyakimya.

Mfanyakazi wetu anaomba taarifa ya michango kutoka kwenye mfuko. Inasema amechangia miezi 342. Yeye anajua ni 354. Kumi na miwili haipo. Akiyaacha hivyo, miaka inakuwa 28 na nusu, kiwango kinakuwa asilimia 57, pensheni kamili 570. Mkupuo unashuka hadi 20,520 na pensheni ya mwezi hadi 427.50. Amepoteza 720 mwanzoni na 15 kila mwezi, yaani 180 kila mwaka, kwa miaka yote atakayoishi. Na kama pensheni hurithiwa na mwenza, hasara hiyo nayo inarithiwa.

Miezi haipotei ovyo. Ina mahali pake pa kupotelea, na anayezijua sehemu hizo huiona haraka. Mwezi wa kwanza wa ajira, pale jina lilipochelewa kuingia kwenye orodha. Uhamisho kutoka kituo kimoja kwenda kingine, ambapo kituo cha zamani kimeacha kuchangia na kipya hakijaanza. Mwaka mwajiri aliobadilisha mfumo wa mishahara. Likizo bila malipo, ambayo haina mchango kwa haki kabisa, na hiyo usiidai. Na kosa la kawaida kuliko yote: namba ya uanachama iliyokosewa tarakimu moja, michango ikaenda kwenye namba isiyo yako, au ukapewa namba mbili na nusu ya historia yako ikakaa kwenye ile usiyoijua.

Namna ya kuigundua ni kukaa na taarifa ya michango na hati zako za mshahara, mwaka baada ya mwaka, ukiangalia jambo moja: je, kila mwaka una michango 12? Usianze na kiasi cha fedha, kitakuchosha. Hesabu miezi kwanza. Mfanyakazi wetu anagundua kwamba mwaka 2008 wote hauna kitu. Ndio mwaka aliohamishiwa tawi jingine. Hati zake za mshahara za mwaka huo zinaonyesha makato yalifanyika kila mwezi, na namba ya uanachama iliyochapwa humo ina 3 mahali palipotakiwa kuwa na 8.

Hapo dai lake limeshakuwa jepesi. Haendi kwenye mfuko kusema "nadhani pesa yangu haipo". Anamwandikia mwajiri, akiambatanisha nakala za hati za mwaka 2008, akiomba orodha ya michango ya mwaka huo isahihishwe na kupelekwa upya ikiwa na namba sahihi. Kama michango ilipelekwa ila kwa namba isiyo yake, mfuko unaihamisha. Kama ilikatwa na haikupelekwa kabisa, ni deni la mwajiri kwa mfuko, na sheria za mifuko mingi huweka adhabu kwa mwajiri aliyechelewesha. Vyovyote vile, anayetakiwa kusahihisha ni mwajiri. Ndiyo sababu ya kufanya hivi ukiwa bado kazini. Baada ya 14 Machi, mtu wa mishahara aliyekufahamu atakuwa na kazi nyingine, na faili lako litakuwa limehamia masijala.

Asiye na hati za mshahara za zamani asikate tamaa mapema. Taarifa za benki za mwaka huo zinaweza kuonyesha mshahara uliingia, na barua ya uhamisho inathibitisha alikuwa kazini. Ushahidi huo ni dhaifu kuliko hati ya mshahara, lakini unatosha kumlazimisha mwajiri afungue kumbukumbu zake.

Nyaraka, na jina lililoandikwa kwa namna tatu

Orodha ya nyaraka hutofautiana kidogo kati ya mfuko na mfuko, lakini mhimili ni uleule: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, barua ya kwanza ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua yenyewe ya kustaafu, hati ya mshahara ya mwisho, uthibitisho wa akaunti ya benki, picha za pasipoti, na fomu ya madai. Mwenye mwenza na watoto wadogo huongeza cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, kwa ajili ya mafao ya wategemezi.

Kukosekana kwa karatasi si tatizo kubwa kama karatasi kutosemezana. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina ni "Yusuf". Kwenye barua ya ajira ni "Yusufu". Benki imeandika herufi ya kwanza tu. Kwa binadamu huyo ni mtu mmoja. Kwa mfumo wa malipo ni watu watatu, na hela ikitumwa kwa jina lisilolingana na la akaunti inarudi ilikotoka. Dawa ni hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, au kusahihisha jina kabisa kama tofauti ni kubwa. Hati ya kiapo hutatua jina. Tarehe ya kuzaliwa haiibadilishi, na wanaojaribu kuitumia hivyo hurudishwa.

Kwenye akaunti, hakikisha ni ya jina lako peke yako, iko hai, na namba imeandikwa kutoka kwenye barua ya benki, si kutoka kichwani. Akaunti iliyolala kwa muda mrefu huweza kukataa kupokea.

Fomu ya madai ina sehemu mbili, na wengi hawalijui hili. Moja unaijaza wewe. Nyingine anaijaza mwajiri: tarehe ya mwisho ya ajira, mshahara wa mwisho, mwezi wa mwisho wa mchango. Fomu iliyopelekwa na sehemu ya mwajiri ikiwa tupu itapokelewa dirishani, itagongwa muhuri, na haitakwenda popote. Mstaafu ana nakala yenye muhuri na anaamini kazi imekwisha.

Saini yako ina maana gani

Kuna wanaokataa kusaini barua wakidhani kwa kufanya hivyo hawatastaafu. Umri haungoji saini. Barua ni taarifa, na kuisaini kwamba umeipokea hakukufungi kwenye hesabu zilizomo. Kinachokufunga ni karatasi nyingine, inayokuja baadaye pamoja na malipo ya mwisho, ikisema umelipwa stahiki zako zote na huna dai lolote. Hiyo usiisaini kabla hujaona mchanganuo. Kwenye barua ya kwanza unaweza kuandika kando ya saini: "Nimepokea, kumbukumbu za michango naendelea kuzihakiki." Ni maneno machache yanayobaki kwenye faili yakiwa na tarehe.

Kwa nini hela huchelewa hata bila uzembe

Turudi kwenye lile swali la ofisini. Mshahara wa Machi wa mfanyakazi wetu unalipwa mwishoni mwa Machi. Mchango wake unapelekwa kwenye mfuko mwezi Aprili, kwa sababu waajiri hupewa muda baada ya mwezi kuisha. Mfuko unauingiza kwenye akaunti yake, na hapo tu ndipo historia yake inafungwa na hesabu kukokotolewa. Ukaguzi na idhini vinachukua Mei. Malipo yanatoka Juni. Kwa mwendo huo hakuna aliyekalia faili lake, na bado amekaa zaidi ya miezi miwili bila kupokea kitu. Fedha ya kuvuka kipindi hicho ni bora iwekwe wakati mshahara bado unaingia.

Alichosubiri hakipotei. Pensheni yake inahesabiwa tangu 15 Machi, kwa hiyo malipo ya kwanza yanatakiwa kuja na malimbikizo. Siku 17 za Machi kati ya 31 ni 242.66. Aprili, Mei na Juni, kwa 442.50 kila mmoja, ni 1,327.50. Jumla, bila mkupuo, ni 1,570.16. Akiona benki imeingiza 442.50 peke yake pamoja na mkupuo, ajue malimbikizo ya 1,127.66 hayajalipwa, na dai lake aliandike kwa kutaja tarehe mbili: siku ya mwisho ya ajira iliyo kwenye barua ya mwajiri, na siku ya kwanza ya pensheni iliyo kwenye barua ya mfuko. Zikiachana kwa zaidi ya siku moja, mfuko ueleze zile siku za katikati zililipwa na nani.